Mdhamini Aliyeiona Kazi Yako

Matangazo ya nafasi za kazi yanayotolewa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, hapa Tanzania, kwa kawaida huwa na sharti la mwombaji kuwasilisha maelezo binafsi pamoja na majina ya wadhamini watatu wa kuaminika. Waombaji wengi hulikumbuka sharti hilo mwishoni kabisa, vyeti vikiwa vimeshapakiwa na muda wa maombi unakaribia kwisha. Basi wanaandika majina matatu yaliyo karibu: diwani wa kata, kiongozi wa dini na mjomba mwenye cheo.

Kazi yangu ni ya uajiri, na mimi ndiye ninayewapigia simu watu hao. Maswali yangu hayabadiliki sana. Unamfahamu mwombaji kwa muda gani, na ulikuwa nani kwake? Alikuwa anafanya kazi gani hasa? Aliondokaje? Ungepata nafasi, ungemchukua tena? Diwani hunijibu kwa moyo mweupe: “Huyo binti namfahamu tangu mdogo. Wazazi wake ni watu wa heshima sana.” Nikiuliza habari za kazini, anasema hakuwahi kuwa naye kazini, ila ni mtoto mtulivu. Maneno yake ni ya kweli na ameyasema kwa nia njema, lakini sina cha kuandika kwenye fomu yangu.

Sasa sikiliza anavyojibu aliyekuwa msimamizi wake: “Alikuwa anashika malipo ya wazabuni. Usuluhishi wa hesabu za benki alikuwa ameshaumaliza kila ifikapo tarehe tano. Kuna mwezi aliibua ankara iliyotaka kulipwa mara mbili.” Ungemchukua tena? “Hata kesho.” Msemaji huyu huenda hana cheo kikubwa, lakini ameiona kazi. Swali hilo la mwisho ndilo ninalolisikiliza zaidi, kwa sababu mtu anayesita hapo, hata akimalizia kwa sifa, ameshanijibu.

Tuchukue mfano wa binti mwenye shahada ya uhasibu anayeomba nafasi ya Mhasibu Daraja la II. Alifanya mafunzo kwa vitendo katika halmashauri, kisha akaajiriwa miaka miwili na kampuni ya kusambaza vinywaji, ambako bado yupo. Bosi wake wa sasa hajui kwamba anatafuta kazi, na hapaswi kulijua jambo hilo kwa kupigiwa simu na mtu mwingine. Lakini mhasibu mwandamizi aliyemwelekeza kazi mwaka wa kwanza ameshahamia kwingine. Huyo ndiye mdhamini wake wa kwanza: alimsimamia moja kwa moja, na hana sababu ya kumzuia asiondoke. Wa pili ni ofisa wa halmashauri aliyekuwa akimgawia kazi na kusaini kitabu chake cha mafunzo. Wa tatu ni mhadhiri aliyesimamia utafiti wake, aliyesoma rasimu na kuzirudisha na masahihisho. Mkuu wa idara ana jina kubwa zaidi, lakini hatamkumbuka. Ndugu wa damu wasiwemo kabisa, hata kama waliwahi kufanya kazi pamoja.

Vipi kama mliachana vibaya na mwajiri wa zamani? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi anayeondoka cheti cha utumishi. Cheti hicho kinathibitisha kwamba ulikuwepo. Kusifiwa ni jambo jingine: Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kwa mfano, inasema wazi kwamba mwajiri halazimiki kutoa maelezo kuhusu tabia au utendaji wa mtu. Kwa hiyo dai cheti chako ukiambatishe, na udhamini uuombe kwa msimamizi mwingine wa mahali hapo mliyeelewana.

Kuomba kunataka adabu na taarifa kwa pamoja. Mpigie mtu simu au umfuate ofisini ikiwezekana, kisha umtumie ujumbe wa maandishi. Taja mapema kwamba ni udhamini wa maombi ya kazi, maana siku hizi watu wengi wamesumbuliwa na simu za mikopo ya mitandaoni ambayo hawakuikopa wao, na wakisikia mtu anatafuta mdhamini wanahofia deni. Ujumbe unaofaa unaweza kuwa hivi:

“Shikamoo Mwalimu. Mimi ni fulani, uliyenisimamia utafiti wangu wa mapato ya masoko, mwaka wa tatu. Naomba nafasi ya Mhasibu Daraja la II, na maombi yanafungwa Ijumaa ijayo. Naomba nikuandike kuwa mdhamini wangu, kama unaona unanifahamu vya kutosha kunisemea. Kama una majukumu mengi nitaelewa kabisa. Ukiridhia nitakutumia tangazo la kazi na wasifu wangu.”

Maneno “vya kutosha kunisemea” yana kazi yake. Kwetu mtu hapendi kumkatalia mtu usoni, kwa hiyo mpe mlango wa kutokea bila kuvunjiana heshima. Kisha sikiliza jibu. Aliyekubali kweli huuliza: kazi ipo wapi, watapiga lini, niseme nini kuhusu ule utafiti? Anayejibu “wewe andika tu, sina neno” mara nyingi hana neno kweli, hata la kuniambia mimi. Mshukuru, utafute mwingine. Ndiyo maana naomba jambo hili lifanyike walau wiki moja kabla ya maombi kufungwa.

Sasa ile sentensi ambayo wengi huifungia wasifu, kwamba wadhamini watapatikana wakihitajika. Tangazo likitaka majina, sentensi hiyo ni sharti lililoachwa bila kutimizwa, na msaili anaweza kukuondoa kwa hilo peke yake. Tangazo lisipotaka majina, bado haina faida, kwa kuwa kila mwajiri anajua kwamba akihitaji wadhamini atakuomba. Ushauri wangu ni kwamba uandike majina kamili, au usiandike chochote na mstari huo uutumie kueleza kazi uliyofanya. Orodha ya wadhamini ikae kwenye ukurasa wake, tayari kutumwa siku unapoitwa kwenye usaili.

Kuna hali mbili ambapo majina yanapaswa kufichwa. Ya kwanza ni wasifu unaosambazwa kwenye makundi ya Wasapu au tovuti za kazi. Namba ya simu ya Mwalimu wako ni taarifa yake binafsi, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Alikuruhusu umpe mwajiri mmoja, hakukuruhusu uwape watu mia mbili usiowajua. Ya pili ni pale ambapo huna budi kumtaja bosi wa sasa. Hapo andika kwa maneno ya kawaida: “Naomba mwajiri wangu wa sasa asiulizwe kabla sijapewa barua ya ajira.” Waajiri makini huliheshimu ombi hilo.

Unapoandika jina, weka cheo, taasisi, simu inayopatikana, barua pepe, na kitu kinachosahaulika sana, yaani uhusiano wenu: “Alikuwa msimamizi wangu wa kazi, Januari 2022 hadi Machi 2023.” Ipigie kila namba kabla ya kuituma, maana watu hubadilisha laini. Ukiitwa kwenye usaili, wajulishe wadhamini wako siku hiyo hiyo ili simu yangu isiwakute barabarani wakijiuliza wewe ni nani. Na matokeo yakitoka, hata kama umekosa, wapigie wote watatu uwaambie.