Maandiko ya kuuzisha ku simu yapite kwanza mu kinywa

Mutu mwenye kuandika maneno ya kuuzisha ku simu huku Lubumbashi anakutana na mutego mu neno la kwanza. Mu Kiswahili cha Dar es Salaam, kuuza ni kutoa kitu na kupokea feza. Huku kwetu kuuza ni kununua, na mwenye kutoa kitu anauzisha. Basi maandiko yenye kutoka mashariki yakisema « tunataka kukuuzia pano ya soleri », mama wa Katuba anaweza kusikia kwamba tunataka kumununulia hiyo pano. Atafurahi kwanza, kisha atakasirika wakati wa bei.

Tuchukue mufano. Duka inauzisha pano ya soleri na balbu tatu kwa dolari 75: dolari 15 siku ya kwanza, kisha 5 kila juma, majuma 12. Maandiko yake yanaanza hivi: « Habari za asubuhi mheshimiwa mteja, kampuni yetu inayo furaha kukujulisha kuhusu ofa maalum ya vifaa vya nishati ya jua itakayokuwezesha kupunguza gharama zako. »

Ku karatasi ni nzuri, lakini hakuna mutu anasema vile. Tena maneno magumu si shida kubwa zaidi. Shida ni kwamba hakuna fasi ya kupumua, na mama hajajibu salamu. Kutoa salamu na kuendelea bila kungojea jibu, huku kwetu, ni dharau. Musomaji akifika ku « nishati », mama ameshakata simu.

Unaisoma kwa sauti, umesimama, simu ku sikio, na mwenzako akae chumba ingine asikuone. Kila fasi unajikwaa, weka alama. Kila fasi mwenzako anauliza « nini? », weka alama ya pili, na hiyo njo ya maana zaidi. Kisha kuandika upya, inatoka hivi:

— Jambo mama. (Ngojea.)
— Habari ya kwako? (Ngojea.)
— Niko ku duka ya pano ya soleri, mu komini ya Kenya. Uliachaka namba yako kwetu. Uko na dakika moja, ao nikuite nyuma ya midi?

Ile « ngojea » inapaswa kuandikwa mu maandiko kabisa. Bila ile, kijana mwenye haraka ataruka.

Sasa mapingamizi. Yenye inarudia sana si bei, ni hii: « Ninyi ni bezi ba ku simu. » Maandiko ya zamani yanajibu na mistari sita juu ya usalama na sifa za kampuni. Mutu mwenye kuogopa hasikilize mistari sita. Kadiri unaongea, njo anazidi kuogopa. Jibu lenye kufaa kinywani ni fupi: « Eyo mama, uko na haki ya kuogopa. Sitakuomba kode yako ya M-Pesa hata siku moja. Utaona pano kwako kwanza, itawaka, njo utalipa. » Lakini andika vile kama duka inafanya vile kweli. Kama duka inataka zile dolari 15 mbele ya kuleta, hakuna kurekebisha maneno kwenye kutasaidia.

Kuko fasi moja yenye hatugusi hata kama inasikika ngumu: bei na masharti. Ile kila mutu anasema sawasawa. Ila namba uziandike kama zinasemwa. Ukiacha « 75 » tu, mumoja atasema sabini na tano, mwengine septanti senki, na wengi mu mujini wanahesabu feza mu Kifaransa. Andika septanti senki.

Ulizo la mwisho nalo linaharibika kwa urahisi. « Je, ungependa kuthibitisha agizo lako? » inaita jibu moja: « nitaangalia. » Mutu wa soko haulize vile. Anauliza: « Basi tukuletee lini, kazi ine ao siku ya posho? » Hapa tena angalia majina ya siku. Maandiko yakisema Jumanne, mama anaweza kusikia ine na kufikiri kazi ine, ni kusema Alhamisi. Jumanne yenyewe huku ni kazi mbili. Mwenye kuleta atakuta mulango umefungwa, na muuzishaji atasema kiliya ni mudanganyifu.

Kisha kuuliza, nyamaza. Vijana wengi wanaogopa kimya na wanaongeza punguzo la bei lenye hakuna mutu aliomba. Andika « ngojea » hapa pia.

Na kama mutu anajibu « Alo, bonjuru », usimulazimishe Kiswahili. Weka mufunguo wa Kifaransa ku karatasi ileile, pembeni, nao pia uliosomwa kwa sauti.