Tangazo la dharura lipite bila kusukuma mengine

Kwenye mbao za matangazo za kitivo, karatasi ya dharura ikibandikwa juu ya nyingine, ile ya chini haisomeki tena. Programu inayotuma matangazo kwenye simu kwa saa zilizopangwa inaweza kufanya kosa hilohilo. Ikiingiza tangazo jipya mbele ya foleni, kisha kila lililo nyuma likasogea nafasi moja, la saa 10:00 litatoka 12:00, na la 12:00 litatoka 15:00. (Hapa saa ni za tarakimu, kuanzia usiku wa manane; mtu akiandika "saa nne", mashine itaelewa alfajiri.)

Dawa ni kuifunga saa kwenye tangazo lenyewe, isitegemee nafasi yake katika foleni. Kila dakika programu huuliza swali moja:

```sql
SELECT * FROM matangazo
WHERE saa <= :sasa AND limetumwa = 0
ORDER BY ngazi, saa, namba
LIMIT 1;
```

Ngazi 0 ni dharura, 1 ni kawaida; namba ni ya kuingizwa, nayo huamua mawili yanapolingana. Mstari wa `WHERE` ndio mlinzi: bila huo, dharura iliyopangwa kwa ajili ya kesho ingekaa mbele leo na kuzuia yote.

Tuchukue mfano. Yapo matangazo ya 10:00, 12:00 na 15:00, na kanuni inasema la kawaida lisitoke kabla ya dakika kumi kupita tangu lililotangulia. Saa 9:55 inakuja habari kwamba mtihani wa 11:00 umehamishiwa chumba kingine. Hiyo hutoka papo hapo, kwani dharura haisubiri dakika kumi. La 10:00 hutoka 10:05. La 12:00 na la 15:00 hayaguswi, kwa sababu hakuna aliyebadilisha saa zao. Ukikuta la 12:00 nalo limechelewa dakika tano, basi mahali fulani programu inasogeza saa badala ya kuchagua.

Hatari inayobaki ni dharura kufuatana. Zikija kila baada ya dakika tano, la 10:00 halitapata dakika zake kumi, na huenda linaita watu kwenye mkutano wa 11:00. Kwa hiyo lililochelewa dakika ishirini hupandishwa ngazi 0. Kwa kuwa saa yake ni ya zamani zaidi, hutangulia dharura zilizoingia baadaye.

Lakini nani anaandika 0? Hapo tatizo ni la maana ya maneno. Watumaji huandika "haraka" juu ya kila kitu, na haraka ni hali ya mtumaji. Dharura ni hali ya jambo. Mimi ningeweka swali moja kwenye fomu: msomaji atapoteza nini akilisoma baada ya saa mbili? Asiyeweza kulijibu apewe 1.