Deraya Inayotoa na Deraya Inayogawa

Ultralisk, mnyama mkubwa wa jeshi la Zerg katika gemu la StarCraft la mwaka 1998, akiongezewa kinga zote hufikisha deraya 6. Risasi ya Marine, askari wa kawaida, ina nguvu 6. Sita toa sita hubaki sifuri, lakini gemu haliachi pigo lipotee kabisa: hutoa nusu pointi ya uhai. Ultralisk ana uhai 400, kwa hiyo ataangushwa na risasi 800. Kifaru kilichojikita ardhini hupiga kwa 70. Ukitoa 6, inabaki 64, na makombora 7 yanatosha.

Hiyo ni deraya ya kutoa. Humwonea mwenye mapigo madogo, hata akipiga kwa kasi kubwa, kwa sababu kila risasi hulipa ushuru uleule. Sasa mwondolee Ultralisk deraya 3. Marine anapanda kutoka nusu pointi hadi 3, yaani mara sita, na risasi 134 zinamaliza kazi. Kifaru kinatoka 64 hadi 67, nyongeza isiyofika asilimia 5. Katika mfumo huu, thamani ya kupenya deraya inategemea ukubwa wa pigo.

League of Legends hupiga hesabu kwa njia nyingine. Pigo huzidishwa kwa:

```
100 / (100 + deraya)
```

Deraya 100 hukata nusu, liwe pigo la 10 au la 400. Hapa ukubwa wa pigo hauna neno. Cha kuangalia ni nani unayempiga.

Chukua mpiga mishale mwenye deraya 30 na mlinzi mwenye 200. Silaha inayofuta deraya 20 kamili humshusha wa kwanza hadi 10, na maumivu yake yanaongezeka kwa takriban asilimia 18. Kwa mlinzi, 200 inakuwa 180, na nyongeza ni kama asilimia 7 tu. Silaha inayofuta asilimia 30 ya deraya hugeuza mambo: mpiga mishale anaumia zaidi kwa asilimia 7 hivi, mlinzi kwa 25. Ndiyo maana Lethality, inayofuta idadi kamili, hununuliwa na wawindaji wa walio laini, na Last Whisper, inayofuta kwa asilimia, huwafaa wanaokabili walinzi. Naona wengi wakinunua Lethality dhidi ya mlinzi aliyejaza deraya, na fedha yao inapotea bure.

Ukikutana na gemu usilolijua, mpige adui mmoja kwa silaha dhaifu, kisha kwa kali. Zote zikipungukiwa idadi ileile, deraya inatoa; zikipungukiwa sehemu ileile, inagawa. Usitumie silaha dhaifu mno, maana ikigonga kile kiwango cha chini kabisa, kama nusu pointi ya Marine, jibu litakupotosha.