Jina Limefutwa, Mgonjwa Bado Anajulikana

Tuseme ripoti ya daktari inamtaja mwalimu mkuu wa kike, miaka 47, wa kisiwa kidogo, aliyeumwa na nyoka Machi 3. Jina halipo, lakini kisiwa kizima kinamjua. Mhakiki makini ataondoa cheo na kisiwa, kisha atageuza tarehe kuwa siku: siku ya 1 kuumwa na kuvimba, siku ya 3 uvimbe kupungua, siku ya 4 dawa mpya. Kumbe nafuu ilitangulia dawa! Basi dai kwamba dawa ndiyo iliyomponya halisimami. Ukanda mweusi machoni pichani hautoshi kumficha. Na sahihi ya kukubali matibabu si ridhaa ya kuchapishwa; aombwe upya, aonyeshwe rasimu.