Samaki wamechelewa: mwandikie mteja saa ipi?

Msimu wa kusi unapokaza, wauza samaki wa Mbegani hujikuta wakiandika ujumbe ambao hakuna anayependa kuuandika: mzigo hautafika siku tuliyoahidiana. Wateja wao hawafanani. Yupo mama anayekaanga samaki Bagamoyo mjini, na yupo meneja wa hoteli ya ufukweni asiyejua Kiswahili. Kwa hiyo taarifa moja inaandikwa kwa lugha mbili, na hapo ndipo saa zinapogombana.

Tuchukue mfano. Wateja wawili wameagiza kilo 30 za changu kila mmoja, wapelekewe Alhamisi tarehe 10 Julai, saa 2 asubuhi. Jumatano, Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, inatoa tahadhari ya upepo mkali na mawimbi makubwa kwa siku mbili. Mashua hazitoki. Muuzaji anashawishika kuandika: "Kutokana na changamoto zilizo nje ya uwezo wetu, mzigo utachelewa kidogo. Samahani kwa usumbufu uliojitokeza." Maneno haya tumeyazoea mno, na mimi siyapendi hata kidogo, kwa sababu anayeyasoma hajui kama anunue samaki kwingine leo au asubiri.

Kabla ya kuandika, ahadi mpya ihesabiwe kuanzia baharini. Tahadhari inaisha Alhamisi usiku. Ijumaa jioni maji yakijaa mashua inatoka, inavua usiku kucha, inarudi alfajiri. Siku hizo mwezi ni mpevu, ni bamvua, na katika pwani hii maji ya bamvua hujaa karibu na saa 10 au saa 11, alfajiri na jioni. Jumamosi basi mashua itaweza kusogea hadi karibu na nchi kavu mnamo saa 11 alfajiri. Ikichelewa maji yakapwa, itakwama mbali na samaki watabebwa kwa ndoo kupita kwenye tope. Ongeza muda wa kuchambua, kupima, kutia barafu na safari ya kwenda mjini. Muuzaji anaweza kuahidi kati ya saa 2 na saa 4 asubuhi bila kujidanganya. Asiandike "kesho yake muda uleule" iwapo siku itasogea tena, maana maji kujaa huchelewa kwa wastani wa dakika 50 kila siku.

Sasa ujumbe wenyewe:

"Habari za jioni. Changu wako kilo 30 hawatafika kesho. Watafika Jumamosi tarehe 12 Julai, kati ya saa 2 na saa 4 asubuhi. Tunakuomba radhi sana. Mashua hazijatoka kwa sababu ya tahadhari ya TMA. Jumamosi saa 12 asubuhi tutakuambia zimeshuka kilo ngapi. Ukitaka kughairi, tujulishe kabla ya Ijumaa saa 9 alasiri, tukurudishie malipo yako yote."

Salamu ni fupi ili siku mpya ionekane kabla mteja hajafungua ujumbe wote. Radhi imeombwa mara moja, na aliyeomba anajulikana. Saa 9 alasiri imewekwa kwa sababu mashua bado haijatoka; baada ya hapo mafuta na barafu vimeshalipiwa.

Katika nakala ya Kiingereza, tarakimu zote za saa hubadilika: 08:00 hadi 10:00 kwa kufikisha, 06:00 kwa ujumbe wa pili, 15:00 kwa kughairi. Tarakimu ya Kiswahili ikinakiliwa ilivyo, meneja atasoma kwamba samaki wanaletwa saa 8 usiku, au mlinzi ataachwa getini bure alasiri. Kagua nakala mbili zikiwa bega kwa bega: kila jozi ya saa lazima ipishane kwa sita. Usipoona tofauti hiyo, usitume. Mwezi nao uandikwe kwa jina, kwani 7/12 mmoja ataisoma Julai na mwingine Desemba.

Saa za usiku zina mtego wake. Kwa mvuvi, saa 8 za usiku wa Ijumaa bado ni Ijumaa; kwenye simu ya meneja ni 02:00, Jumamosi. Kwa Kiswahili andika "usiku wa kuamkia Jumamosi", na kwa Kiingereza taja Jumamosi yenyewe. Ikiwezekana, usipange kabisa kumfikishia mtu mzigo saa hizo.

Jumamosi saa 12 asubuhi ikifika, ujumbe wa pili utumwe hata kama mashua haijaonekana. Zikiwa zimeshuka kilo 40 badala ya 60, kila mteja aambiwe anapata 20, ili mama wa kukaanga na mpishi wa hoteli wajue mapema kama wajazie kwa samaki wa feri.