Jedwali la Kikundi Lisikatike: Kutoa PDF Kutoka Google Sheets

Siku ya mgao katika kikundi kimoja cha VICOBA pale Kimara, jirani na Stop Over, mimi ndiye niliyekuwa katibu. Tulikuwa wanachama 30. Daftari letu tulikuwa tumelihamishia kwenye Google Sheets, likiwa na safu kumi: namba, jina, hisa, mfuko wa jamii, mkopo, rejesho, riba, faini, baki na sahihi. Jioni kabla ya mgao nililitoa kama PDF, nikalituma kwa Watsapu kwenye stesheneri, na asubuhi nikapitia kuchukua karatasi nikiwa na haraka.

Kikao kilipoanza ndipo nilipoona. Majina yalikuwa karatasi ya kwanza, na safu za baki na sahihi zilikuwa zimehamia karatasi nyingine peke yake. Hakuna jina pembeni ya sahihi. Mama mmoja alitia dole gumba mbele ya baki ya mwenzake, na ilituchukua saa nzima kupatana. Mwenye stesheneri hakuwa na kosa lolote. Alichapa alichopewa.

Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, vikundi kama hivi vinatakiwa kusajiliwa, na sisi wa Kimara, tuliokuwa Kinondoni, sasa mambo yetu yako Manispaa ya Ubungo. Karatasi yenye sahihi ndiyo anayoiomba kila anayekuja kukagua. Basi tuone namna ya kuitoa vizuri.

Fungua jedwali kwenye kompyuta, maana ukiwa kwenye simu ni vigumu kuona ukurasa mzima kabla ya kuutoa. Bonyeza `File`, kisha `Download`, kisha `PDF (.pdf)`. Faili halishuki papo hapo. Kwanza unafunguliwa ukurasa wa mipangilio, upande mmoja ukiona karatasi itakavyokuwa na upande mwingine machaguo. Wengi wetu hapa hukimbilia kitufe cha `Export` bila kutazama, na ndivyo nilivyofanya mimi.

Anza na `Paper size`. Mara nyingi utakuta imeandikwa `Letter`, karatasi ya Kimarekani yenye milimita 216 kwa 279. Karatasi tunayonunua madukani kwetu ni A4, milimita 210 kwa 297. Letter ni pana kidogo na fupi kidogo, kwa hiyo ukurasa wa Letter ukipelekwa kwenye printa yenye A4, ama unakatwa pembeni, ama unapunguzwa, ama printa inasimama ikidai karatasi ambayo Dar es Salaam nzima utaitafuta. Chagua `A4`.

Sasa upana. Jedwali letu lilikuwa na upana wa sentimita 26 hivi. A4 iliyosimama ina sentimita 21, na ukitoa pambizo za kawaida za kushoto na kulia, zinazokaribia sentimita 1.8 kila upande, zinabaki sentimita 17.4 tu za kuandikia. Ndiyo maana safu za mwisho zilihama. Ukichagua `Fit to width` kwenye `Scale`, jedwali litabanwa liingie, lakini litabanwa hadi theluthi mbili ya ukubwa wake, na herufi za saizi 10 zitakuwa chini ya 7. Wazee wetu hawataziona. Dawa ni kulaza karatasi: kwenye `Page orientation` chagua `Landscape`. Hapo upana wa kuandikia unakuwa sentimita 26.1, na jedwali linaingia bila kubanwa. `Fit to width` iache ikiwa imechaguliwa hata hivyo, iwe kinga ya milimita chache zinazozidi.

Lakini jihadhari na jambo moja. Ukiona kwenye ukurasa huo wa mipangilio kwamba herufi zimekuwa ndogo mno na upande wa kulia kuna nafasi nyeupe kubwa, fahamu kwamba kuna kitu kimeandikwa mbali na jedwali. Pengine mweka hazina alipiga hesabu zake kwenye safu ya T akasahau kufuta. `Fit to width` inaihesabu na hiyo. Rudi, ifute au uihamishie kwenye karatasi nyingine ya jedwali, kisha utoe upya.

Pambizo nazo zina siri yake. Chaguo la `Narrow` linavutia kwa sababu linaongeza nafasi, ila linaacha milimita 6 tu kushoto na kulia. Panchi ya kawaida hutoboa tundu ambalo katikati yake ni milimita 12 kutoka ukingoni. Maana yake, ukitoboa upande huo, tundu linapita juu ya namba na majina. Karatasi iliyolazwa hutobolewa kwenye ukingo mrefu wa juu ili ikae sawa na nyingine kwenye faili. Kwa hiyo chagua `Custom numbers`, uweke sentimita 2.5 juu na kuacha nyingine kama zilivyo. Angalia kwanza kipimo kilichoonyeshwa. Kikiwa ni inchi, andika 1.

Kuhusu vistari vya gridi, wengi hudhani vile wanavyoviona kwenye kioo vitatoka kwenye karatasi. Hapana. Vya kioo vinawashwa kwenye `View`, na vya karatasi viko ndani ya `Formatting` kwenye mipangilio ya PDF, vikiitwa `Show gridlines`. Hata ukiviwasha, hutoka vyembamba na vya kijivu, na ukipiga fotokopi mara mbili vinapotea. Tena kisanduku ulichokipaka rangi huvifunika. Kwa karatasi ya sahihi sivitegemei kabisa. Nachagua jedwali lote, nabonyeza alama ya `Borders`, kisha `All borders`. Hiyo ni mipaka halisi, nyeusi, na haitegemei mpangilio wowote wa kuchapa. Baada ya hapo `Show gridlines` naizima, vinginevyo visanduku vitupu vinavyozunguka jedwali navyo vinaweza kuchorwa.

Mistari ya wanachama ipanue pia. Urefu wake wa kawaida ni kama nusu sentimita, na dole gumba halienei hapo. Ichague yote, bonyeza kulia, `Resize rows`, andika 36. Itakaribia sentimita moja. Hapo watu 15 na mstari wa vichwa wanatosha ukurasa mmoja, na wanachama 30 wanaingia kurasa mbili. Ili ukurasa wa pili usianze bila vichwa, nenda `View`, `Freeze`, `1 row`, kisha kwenye mipangilio ya PDF, ndani ya `Headers & footers`, hakikisha `Repeat frozen rows` ina tiki. Weka na `Page numbers`.

Barua na katiba ya kikundi kwenye Google Docs ni kazi rahisi zaidi: `File`, `Page setup`, `A4`, `Set as default`, kisha `OK`. PDF itafuata hivyo hivyo.

Kabla ya kutuma, fungua PDF kwa Adobe Reader, ingia `Properties` utazame `Page Size`. Ikisoma 11.69 x 8.27 inchi, ni A4 iliyolazwa. Ikisoma 11.00 x 8.50, ni Letter, rudi ulikotoka. Na ukifika stesheneri mwombe kijana achague `Actual size`, siyo `Fit`, kisha achape ukurasa mmoja kwanza uushike mkononi, uweke panchi juu yake bila kutoboa, uone kama tundu litagusa maandishi.