Nakala Arobaini za Wasifu Zinaishia Kwenye Boksi

Swali linalotangulia kila maonesho ya ajira ni moja: wasifu uchapishwe nakala ngapi? Wapo wanaosema ishirini, wapo wanaosema arobaini, na maduka ya kuchapisha karibu na vyuo hayana sababu ya kumkatalia mteja. Imani iliyo nyuma ya swali hilo ni kwamba maonesho ni bahati nasibu, kila karatasi inayoachwa mezani ni tiketi, na mwenye tiketi nyingi ana nafasi kubwa zaidi ya kushinda.

Imani hiyo ina asili yake. Zamani barua za maombi zilipita posta au mapokezi, na karatasi ndiyo iliyokuwa faili lenyewe. Mtu aliyefanikiwa kuifikisha ndani alikuwa ameomba kazi kweli. Leo kwa waajiri wakubwa hali ni nyingine. Maombi yanaingia kwenye mfumo wa kompyuta wa kampuni, yanapewa namba, na anayechuja anafungua yale yaliyomo humo tu. Karatasi iliyoachwa bandani haina namba. Ili ihesabiwe, mtu lazima akae aiingize kwenye mfumo kwa mkono, na hakuna anayelipwa kufanya hivyo. Jioni karatasi zinakusanywa kwenye boksi, boksi linapanda gari pamoja na mabango, na linashuka stoo.

Upande wa umma hali ni wazi zaidi. Nchini Tanzania, maombi ya ajira za utumishi wa umma kwa kawaida hupita Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, kwa njia ya mfumo wake wa Ajira Portal. Ofisa wa taasisi ya umma aliyesimama bandani anaweza kueleza kazi za taasisi yake vizuri sana, lakini akipokea wasifu wa karatasi anapokea kwa adabu tu.

Kuna pia sheria. Wasifu una namba ya simu, tarehe ya kuzaliwa, wakati mwingine hata namba ya kitambulisho, na majina ya wadhamini ambao hawakuulizwa. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, anayekusanya taarifa za namna hiyo anawajibika kuzitunza na kuzitumia kwa kusudi linalojulikana. Kampuni makini haifurahii kubaki na rundo la karatasi lisilo na mwenyewe.

Kasoro kubwa kuliko zote iko kwenye karatasi yenyewe. Wasifu unaogawiwa mabanda arobaini hauwezi kulenga hata banda moja, ndiyo maana juu yake huandikwa kwamba mwombaji yuko tayari kwa nafasi yoyote. Hakuna idara inayoitwa Nafasi Yoyote. Mpokeaji hana pa kuupeleka, na mara nyingi mpokeaji mwenyewe ni mtu wa masoko aliyepangiwa zamu ya siku hiyo, asiyehusika na kuajiri.

Isipokuwa mahali pamoja. Kwenye meza ya mwajiri mdogo, kama gereji, hoteli ya familia au shule binafsi, anayekaa mezani anaweza kuwa mwenye mali, na uamuzi ni wake. Huyo karatasi inamfaa. Kwa ajili yake nakala tano au sita zinatosha. Dalili ya kwamba karatasi itafika mahali ni kalamu: mpokeaji akiandika kitu pembeni mwake, kuna jambo. Akiiweka juu ya nyingine huku akimtazama mtu anayefuata, imekwisha.

Kinachobaki kichwani mwa mwakilishi ni mazungumzo, nayo hayazidi dakika mbili au tatu. Sekunde thelathini au arobaini za mwanzo ni za kujitambulisha, yaani maneno kama sitini. Tuchukue kijana mwenye stashahada ya ununuzi na ugavi anayekwenda banda la msambazaji wa dawa, akamkuta dada wa rika lake. Anaweza kusema hivi: “Habari za kazi, dada. Nimemaliza stashahada ya ununuzi na ugavi mwaka huu. Nilifanya mafunzo kwa vitendo wiki nane kwenye ghala la vipuri, tukahesabu upya mali yote na kuilinganisha na leja. Mimi nilishika rafu za vichujio na mikanda. Natafuta kazi ya karani wa ghala, na nimeona ninyi mnasambaza dawa hadi mikoani. Ghala lenu linahesabiwa mara moja kwa mwaka, au kidogo kidogo kila wiki?”

Jina lake atalitaja baada ya salamu, kisha atalirudia wakati wa kuaga. Hakusema kwamba anajituma wala kwamba anaweza kufanya kazi chini ya shinikizo, maana hayo husemwa na kila mtu. Ametaja kazi moja aliyoifanya kwa mikono yake, akataja kazi anayoitaka kwa jina, akamalizia kwa swali ambalo mtu wa ghala pekee ndiye angeliuliza. Mwakilishi akiwa mtu wa masoko hatakuwa na jibu, na hapo atamtaja mwenye jibu. Jina hilo lina thamani kubwa kuliko nakala zote arobaini.

Maswali mengine mawili yanatosha. La kwanza: maombi ya kazi hii yanapitia wapi, na nani anayachuja mara ya kwanza? La pili: karani mpya anapimwa kwa kitu gani katika miezi ya majaribio? Jibu la hilo la pili ndilo linaloonyesha nini kitangulie kwenye wasifu. Likiwa ni kutambua dawa zinazokaribia kuisha muda ili zitoke kwanza, wasifu utaonyesha umakini wa tarehe na leja. “Kampuni yenu inafanya nini?” ni swali la mtu ambaye hakusoma hata bango. Mshahara una siku yake. Kabla ya kuondoka aombe barua pepe, na ruhusa ya kutaja mazungumzo hayo.

Akishaondoka bandani hatua kumi, aandike jina la mwakilishi, kazi iliyotajwa na jambo moja lililosemwa, kwa sababu baada ya banda la nne sura zote zinafanana. Mabanda manne au matano kwa siku yanatosha.

Kesho yake asubuhi mpangilio ni muhimu: kwanza aombe kwenye mfumo wa kampuni apate namba, kisha ndipo aandike barua pepe. Akigeuza, mwakilishi atamjibu tu kwamba aombe kwenye mfumo. Kichwa cha barua kitaje kazi na banda la jana. Sentensi nne au tano: walikutana wapi, jambo moja alilolisema mwakilishi, maombi yametumwa kwa namba fulani, shukrani. Lugha iwe ile ya tangazo la kazi. Wasifu uambatishwe kwa PDF, na jina la faili liwe la mwombaji na fani yake. `CV mpya mwisho 2.pdf` linapotea kati ya mengine yanayofanana nalo. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp usitumwe kwa mtu aliyetoa barua pepe.

Jibu lisipokuja baada ya siku saba za kazi, barua moja fupi ya kukumbusha inaruhusiwa. Kimya kikiendelea, mwombaji asiandike tena. Maombi yake yamo kwenye mfumo na yatachujwa pamoja na mengine.